Pawatila ya Asha: namna ya kulifumua jibu la mfano

(Mazungumzo na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria, Dar es Salaam. Nimeyaandika upya kutoka kwenye karatasi niliyosomea, na swali la mwisho nimeliongeza kwa sababu lilitoka ukumbini.)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokubali kuacha Jumamosi yenu, hamjambo.

Nianze na karatasi yangu mwenyewe. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilipewa swali la mkasa katika somo la mikataba, nikajaza kurasa tano. Nilikuwa nimekariri majibu ya mfano yaliyokuwa yakizunguka mabwenini, yale yaliyotolewa fotokopi mpaka herufi zinakimbia. Nikapata 7 kati ya 20. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika maneno mawili tu kwa wino mwekundu: "Umesimulia. Hujatumia." Nilikasirika, maana kila sheria niliyoiandika ilikuwa sahihi. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa alichokuwa analalamikia, na ndicho nilichokuja kuzungumza leo.

Ile njia ya hatua nne mnaijua. Wenyewe mnaiita airaki: hoja, kanuni, matumizi, hitimisho. Hoja ni swali la kisheria ambalo mkasa unaliuliza. Kanuni ni sheria inayolijibu. Matumizi ni kuikutanisha sheria ile na mambo yaliyotokea. Hitimisho ni jibu. Hakuna asiyeweza kuyataja hayo manne hata akiamshwa usiku wa manane. Tatizo ni kwamba mkilishika jibu la mfano mnalisoma kama hadithi, kuanzia juu hadi chini, kisha mnafunga daftari. Mimi nataka mlifumue kama fundi cherehani anayefumua shati la mtu ili ajue limeshonwaje.

Nimekuja na mkasa mmoja. Usikilizeni vizuri, tutakaa nao asubuhi yote.

Asha yuko Tanga, ana pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili. Jumatatu anamwandikia barua Bakari aliyeko Morogoro: "Nakuuzia pawatila yangu kwa shilingi milioni 6. Nakuwekea mpaka Ijumaa saa 10 jioni." Barua inasafiri na basi, Bakari anaipata Jumanne. Jumatano mchana Asha anamuuzia Chausiku pawatila hiyo hiyo kwa milioni 6 na nusu, na Chausiku anaondoka nayo. Jumatano jioni, jirani yake Asha ambaye alikuwa safarini Morogoro anakutana na Bakari sokoni, anamwambia, "Ile pawatila ya Asha imeshachukuliwa, mwenyewe nimeiona ikipakiwa." Asha hakumtuma jirani huyo, wala hajui kama amesema lolote. Alhamisi saa 3 asubuhi Bakari anakwenda posta na kutuma barua ya rejista: "Nimekubali, milioni 6." Barua inamfikia Asha Ijumaa saa 6 mchana. Huko Morogoro, pawatila ya aina ile na yenye hali ile inauzwa milioni 6 na laki 8. Mshauri Bakari.

(Mnaona majina yanavyoanza na A, B na C? Watunga mitihani hatuna ubunifu.)

Sasa chukueni jibu la mfano la mkasa huu, nimewagawia, na kalamu za rangi nne. Hoja bluu, kanuni nyekundu, matumizi kijani, hitimisho nyeusi. Kila sentensi ipigiwe mstari kwa rangi moja. Sentensi ikikataa kukaa kwenye rangi yoyote, iacheni wazi. Fanyeni hivyo kwanza bila kubishana.

Nilipolifanya zoezi hili na kundi la mwaka jana, jambo la kwanza lililowashangaza ni kwamba rangi hazikuja kwa zamu nne kubwa. Wengi walitegemea ukurasa wa kwanza uwe bluu, wa pili mwekundu, na kadhalika. Walichokuta ni bluu, nyekundu, kijani, nyeusi, halafu bluu tena. Mkasa mmoja una hoja kadhaa, na kila hoja inazungushiwa hatua zake zote nne kabla ya kuhamia nyingine. Ukikusanya hoja zote juu na kanuni zote katikati, msomaji akifika kwenye matumizi anakuwa amesahau ni kanuni ipi inayojibu hoja ipi. Na wewe mwandishi unakuwa umesahau pia, ila hutakubali.

Jambo la pili ni urefu. Hoja hazilingani. Katika jibu hili, swali la kama barua ya Asha ilikuwa pendekezo limemalizwa kwa sentensi mbili. Kifungu cha 2 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinaeleza pendekezo kuwa ni mtu kumwonyesha mwenzake utayari wake wa kufanya jambo au kutolifanya, kwa nia ya kupata ridhaa yake. Asha ametaja kitu, bei, mnunuzi na muda. Basi, limeisha. Hakuna wakili atakayesimama mahakamani kubisha hilo, kwa hiyo mwandishi hakulipotezea wino. Mwanafunzi wa kawaida hapo huweka ukurasa mzima kuhusu tofauti ya pendekezo na mwaliko wa kupokea mapendekezo, kwa sababu tu alilisoma vizuri na anataka ionekane.

Hoja ya pili nayo ni fupi, ingawa ina mtego. Asha alisema atamwekea Bakari mpaka Ijumaa. Je, alifungwa na neno hilo? Hapana. Kifungu cha 5 kinaruhusu pendekezo kutenguliwa wakati wowote kabla mawasiliano ya kulikubali hayajakamilika dhidi ya mwenye pendekezo. Na ahadi ya kusubiri Bakari hakuilipia hata senti. Kifungu cha 25 kinasema makubaliano yasiyo na malipo ni batili, ukiacha mambo machache kilichoyataja, na hili la Asha halimo. Kwa hiyo Asha alikuwa na haki ya kubadili mawazo Jumatano. Andikeni hilo waziwazi hata kama linamuumiza mteja wenu. Kumbukeni, swali linasema mshauri Bakari, halisemi mfurahishe.

Sasa tufike penye nyama. Asha alikuwa na haki ya kutengua pendekezo, lakini je, alilitengua?

Tazameni jinsi mwandishi alivyoiandika hoja hii kwa kalamu ya bluu: "Je, maneno ya jirani kwa Bakari Jumatano jioni yalitengua pendekezo la Asha kabla Bakari hajaikabidhi barua posta Alhamisi asubuhi?" Linganisheni na ile mnayoiandika ninyi: "Je, kuna mkataba kati ya Asha na Bakari?" Hiyo ya kwenu inafaa mkasa wowote tangu dunia iumbwe. Ya mwandishi ina mtu, siku, tendo, na neno la kisheria ambalo lazima lijibiwe, yaani "yalitengua". Ukishaandika hoja ya namna hiyo, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu umeshachagua ni mambo gani ya mkasa yana uzito. Mlioangalia kwa makini mtaona kwamba pawatila kupakiwa haimo kwenye hoja hiyo. Chausiku naye hayumo. Wameachwa kwa makusudi.

Halafu kanuni. Hapa ndipo fotokopi za mabwenini zinapowaua watu.

Mwanafunzi aliyekariri ataandika kesi ya Uingereza ya Dickinson dhidi ya Dodds, iliyoamuliwa mwaka 1876. Ni kesi nzuri na mnatakiwa kuijua. Tarehe 10 Juni 1874, siku ya Jumatano, Dodds alimwandikia Dickinson pendekezo la kumuuzia nyumba kwa pauni 800, akasema liko wazi mpaka Ijumaa saa 3 asubuhi. Alhamisi Dickinson akaambiwa na mtu mwingine, aitwaye Berry, kwamba Dodds anamuuzia mtu mwingine. Dickinson akakimbilia kukubali. Barua moja akaiacha kwa mama mkwe wa Dodds, na yule mama akasahau kuifikisha. Ijumaa asubuhi Berry akamkuta Dodds stesheni ya reli ya Darlington na kumkabidhi nakala. Dodds akamjibu kwamba amechelewa, nyumba imeshauzwa. Mahakama ya Rufani ikasema Dickinson hana mkataba, kwa kuwa kabla ya kukubali alikwishajua kuwa Dodds hauzi tena kwake, na haikujali kwamba habari hiyo haikutoka kinywani mwa Dodds.

Inafanana na mkasa wetu kama shilingi kwa ya pili, sivyo? Ndiyo maana ni hatari. Mwanafunzi akiuona mfanano ule anaruka moja kwa moja hadi hitimisho: pendekezo lilitenguliwa, Bakari hana lake. Kisha anashangaa kupewa 8.

Mwandishi wa jibu letu alianza na sheria ya bunge. Kifungu cha 6 cha Sura ya 345 kinataja njia ambazo pendekezo linatenguliwa. Njia ya kwanza ni kufikishwa kwa taarifa ya utenguzi, na taarifa hiyo kifungu kinasema inafikishwa na mwenye pendekezo kwa upande wa pili. Nimeisoma polepole kusudi. Na mwenye pendekezo. Maneno hayo matatu hayamo katika hukumu ya Dickinson, na yanageuza mkasa mzima.

Mtu atauliza, kwani kesi za Uingereza si sheria kwetu? Zinaingia kwa mlango wake. Sheria ya Uamuzi wa Mashauri na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, iliruhusu kanuni za mahakama za Uingereza zitumike hapa kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, lakini mahali ambapo sheria zetu zilizoandikwa hazijasema. Pale ambapo kifungu kimesema, kifungu ndicho kinachotangulia. Na Sheria yetu ya Mikataba haikuandikwa kwa kuigiza Uingereza moja kwa moja. Ilifuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, karibu kifungu kwa kifungu. Ndiyo maana hukumu za India zinatusaidia zaidi kuliko wengi wenu mnavyofikiri.

Sasa kijani. Nitaisoma aya nzima ya matumizi kama ilivyo, ni fupi:

"Jirani hakutumwa na Asha, wala Asha hakujua kama amezungumza na Bakari. Taarifa aliyoipata Bakari Jumatano jioni kwa hiyo haikufikishwa na mwenye pendekezo, kama kifungu cha 6 kinavyotaka. Inaweza kudaiwa, kwa upande wa Asha, kwamba chini ya kifungu cha 3 utenguzi huhesabiwa kufikishwa kwa tendo lolote la mtenguaji lenye athari ya kuufikisha, na kwamba kumuuzia Chausiku ni tendo la namna hiyo. Lakini tendo la kuuza lilifanyika Tanga bila Bakari kuliona. Kilichomfikia ni maneno ya jirani, na maneno hayo si tendo la Asha. Zaidi ya hayo, kifungu cha 6 kinapozungumzia kifo au wazimu wa mwenye pendekezo kinadai tu kwamba habari imfikie mkubali kabla hajakubali, bila kutaja imetoka kwa nani. Bunge lilipotaka kujua tu kutoshe, lilisema hivyo."

Tulieni kidogo hapo. Hebu pigeni mstari kila mahali aya hiyo inapotaja jambo lililotokea, kisha zungusheni duara kila neno lililotoka kwenye sheria. Mtaona kwamba sentensi nyingi zina vyote viwili. Sentensi ya kwanza peke yake ina matukio matupu, nayo imewekwa ili kuiandaa ya pili. Mimi hutumia kipimo kimoja tu kuijua sentensi ya matumizi. Funika kwa kidole yale yaliyotoka kwenye sheria. Kama sentensi bado inasomeka bila kupungukiwa, hiyo ni simulizi. Rudia kwa kufunika majina na matukio. Kama bado inasomeka, hiyo ni kanuni imejirudia kwa mlango wa nyuma. Sentensi ya matumizi ikifunikwa upande wowote inaanguka.

Jaribuni kipimo hicho kwa jibu la mwanafunzi mmoja, sitasema nani, na amenipa ruhusa: "Asha alituma pendekezo Jumatatu. Jumatano aliuza kwa Chausiku. Bakari alisikia kutoka kwa jirani. Kwa hiyo pendekezo lilikuwa limeshatenguliwa." Sentensi tatu za kwanza ni mkasa umeandikwa upya, na mtahini mkasa anao mezani, ameutunga yeye. Ya nne ni hitimisho. Kijani hakuna hata tone. Yale maneno "kwa hiyo" yanajifanya daraja, na chini yake hakuna mto wala nguzo.

Angalieni pia kwamba mwandishi alimpa Asha nafasi ya kusema. Hoja ya kifungu cha 3 si ya kijinga, wakili mzuri angeisimamia. Jibu linaloificha halipati alama za juu, kwa sababu mtahini anaijua na anasubiri uiguse. Lakini aliipa sentensi moja, akaijibu kwa mbili. Kuna wanaodhani kuonyesha pande zote mbili ni kuzianika sawasawa halafu kukimbia. Hapana, lazima uegemee upande na useme kwa nini.

Hitimisho la hoja hii, kwa wino mweusi, ni sentensi moja: pendekezo la Asha lilikuwa bado hai Alhamisi saa 3 asubuhi. Halina kesi mpya wala neno jipya. Mkikuta kwenye hitimisho kifungu ambacho hakikutajwa juu, jueni mwandishi alikikumbuka dakika ya mwisho.

Hoja inayofuata ni lini ukubali wa Bakari ulikamilika, na tutaipita haraka. Kifungu cha 4 kinasema dhidi ya mwenye pendekezo ukubali unakamilika pale unapotiwa njiani kumwendea, ukiwa umetoka mikononi mwa mkubali. Hiyo ilitokea Alhamisi saa 3, karani wa posta alipoipokea barua na kutoa risiti. Risiti ya rejista ni ushahidi mzuri, itajeni. Kwamba barua ilifika Ijumaa saa 6 hakuna tofauti kwa Asha, ingawa hata kwa saa hiyo ilikuwa bado ndani ya muda. Na ukubali haukuwa na nyongeza wala masharti, kama kifungu cha 7 kinavyotaka. Mkataba upo.

Wengi huweka kalamu chini hapo. Sasa Bakari aliyekuja ofisini kwenu ataondoka na nini, na neno "upo"? Pawatila iko kwa Chausiku. Kifungu cha 73 kinampa fidia ya hasara iliyotokana kwa kawaida na uvunjaji wa mkataba. Hapa kuna mtego wa hesabu. Nusu ya darasa huandika laki 5, kwa sababu wanaona milioni 6 na nusu aliyolipa Chausiku. Bei ya Chausiku inaonyesha faida ya Asha. Hasara ya Bakari inapimwa kwa kitakachomgharimu yeye kupata pawatila nyingine kama ile, na mkasa umesema ni milioni 6 na laki 8. Kwa hiyo ni laki 8. Ile sentensi ya mwisho kuhusu bei za Morogoro haikuwekwa kuwa pambo. Katika mkasa wa mtihani, takwimu ambayo hukuitumia ni dalili kwamba kuna hoja umeiruka.

Mkishapaka rangi na kuliona jibu lilivyoshonwa, lifungeni. Kesho yake andikeni jibu la mkasa huo huo bila kulitazama, mlinganishe kijani kwa kijani tu. Nyekundu itakuwa sawa, nyekundu mnaikariri wote. Kisha badilisheni jambo moja katika mkasa na mwandike upya aya ile moja inayoguswa. Hili ndilo zoezi lenyewe, na ndilo linalowatofautisha wanaopita na wanaorudia.

Nitawapa mfano wa badiliko. Acheni kila kitu kama kilivyo, ila hamisheni mkasa: Asha yuko Nakuru, Bakari yuko Nairobi. Kenya haina sheria ya mikataba iliyopangwa kifungu kwa kifungu kama yetu. Sheria yao ya Mikataba, Sura ya 23, katika kifungu cha 2 inasema mikataba itafuata sheria ya kimazoea ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za mahakama zao. Hakuna kifungu kinachodai taarifa ifikishwe na mwenye pendekezo. Dickinson sasa anaingia kwa mlango wa mbele, na swali la kijani linageuka: je, jirani alikuwa mtu wa kuaminika, na je, Bakari alijua kweli? Jirani alisema ameiona kwa macho yake ikipakiwa. Bakari wa Nairobi ana hali ngumu sana. Matukio ni yale yale, lakini hitimisho limepinduka. Aliyekariri hitimisho la jibu la mfano ameumia, na aliyelifumua anabadilisha aya mbili na kuendelea.

Nilikuwa nimalizie hapo. Lakini binti mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, siku hizi nani anakwenda posta? Bakari angejibu kwa Watsapu ingekuwaje?"

Nilimwomba aje mbele aandike hoja ubaoni, kwa bluu. Aliandika: "Je, ukubali uliotumwa kwa Watsapu Alhamisi saa 3 ulikuwa umetoka mikononi mwa Bakari?" Nilifurahi mno, kwa sababu alilichukua neno kutoka kifungu cha 4 chenyewe.

Kanuni tukaijaza pamoja. Kwa mawasiliano ya papo kwa papo Uingereza iliamua katika kesi ya Entores, mwaka 1955, iliyohusu teleksi, ile mashine ya kutumiana maandishi kwa waya, kwamba ukubali unakamilika unapopokelewa. Mahakama Kuu Kabisa ya India ilifuata mkondo huo kwa simu katika kesi ya Bhagwandas dhidi ya Girdharilal, mwaka 1966. Lakini jaji Hidayatullah alitofautiana na wenzake, akisema maneno ya kifungu cha 4 hayakutenga simu wala posta, na lililoandikwa ndilo lifuatwe. Kifungu chao cha 4 ni ndugu wa chetu, kwa hiyo mgawanyiko ule ni wa kwetu pia.

Ilipofika kijani ukumbi uligawanyika. Kijana mmoja alisema ujumbe ukishatoka umetoka, tiki moja inatosha. Mwingine akasema tiki moja maana yake bado haujafika kwenye simu ya Asha, zitakiwe mbili. Yule binti akawaacha wabishane, kisha akauliza: kama Bakari bado anaweza kubonyeza "futa kwa wote", ujumbe umetoka mikononi mwake, au haujatoka?

Hakuna aliyemjibu. Nikamwambia aandike sentensi tatu za kijani kwa upande mmoja, na mwenzake wa pembeni tatu kwa upande wa pili, na tukaanza kuzifunika kwa kidole.